Kabla ya kuhamisha deni, hesabu riba iliyobaki

Ajenti wa krediti anapopita kwenye madepo ya mchele na mafuta ya mawese karibu na soko kuu la Kisangani, hana haja ya kusema mengi. Anauliza tu: "Mama, kule unalipa riba ngapi kwa mwezi?" Mama akijibu tatu kwa mia, yeye anasema mbili. Benki yake iko tayari kununua deni lote, yaani kulilipa lile la zamani na kuandika jipya kwa riba ya chini. Mbili ni ndogo kuliko tatu, kila muuzaji sokoni analijua hilo, na kwa hiyo wengi husaini.

Shida ni kwamba hizo asilimia mbili zinalinganishwa na kitu ambacho sehemu yake kubwa imekwisha kulipwa. Mwenye deni anakumbuka riba yote aliyoahidi siku ya kwanza, lakini riba anayoweza kuiokoa ni ile tu ambayo hajailipa. Na mkopo wa kawaida wa benki au wa shirika la mikopo midogo umepangwa hivi kwamba riba nyingi hutoka mwanzoni.

Tuchukue mama mwenye depo upande wa Makiso. Mfano huu nimeutunga mimi, lakini tarakimu zake ni za ukubwa ambao mfanyabiashara yeyote wa hapa atazitambua. Alikopa dola 5,000 kwa miezi 24, riba asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ile ambayo maajenti huiita degresif. Rejesho lake ni dola 295 kila mwezi, halibadiliki. Lakini ndani ya hizo 295 mambo yanabadilika sana. Katika rejesho la kwanza, riba ilikula dola 150 na deni likapungua kwa dola 145 tu. Rejesho la kumi, riba ni dola 106 na deni linapungua kwa 189. Rejesho la mwisho kabisa litakuwa na riba isiyofika dola 9.

Sasa amelipa marejesho tisa. Katika riba yote ya miezi 24, ambayo ni dola 2,086, amekwisha kutoa dola 1,182, zaidi ya nusu, wakati muda wenyewe haujafika nusu. Ajenti amemkuta hapo.

Riba iliyobaki ni ngapi?

Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji karatasi mbili kutoka kwa mkopeshaji wa zamani: ratiba ya marejesho, lile jedwali ulilopewa siku ya kusaini, na barua inayosema kiasi cha kumaliza deni ukilipa lote leo. Zidisha marejesho yaliyobaki kwa kiasi cha rejesho moja, kisha toa kiasi cha kumaliza deni. Kinachobaki ndiyo riba ambayo bado hujailipa.

Kwa mama wetu yamebaki marejesho 15 ya dola 295 na senti kidogo, jumla dola 4,429. Deni lenyewe lililobaki ni dola 3,525. Tofauti ni dola 904. Hiyo ndiyo riba yote iliyo mezani. Hata kama benki mpya ingempa mkopo bure kabisa, bila riba hata senti moja, asingeweza kuokoa zaidi ya dola 904.

Ile barua usiichukulie kama utaratibu tu wa ofisi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kuna jambo la kujadili. Wako wakopeshaji ambao mkataba wao unadai riba yote ya muda uliopangwa hata ukimaliza mapema. Mama akikuta barua inasema alipe dola 4,429 badala ya 3,525, basi ile riba ya 904 haiokoleki tena: ataibeba mpaka benki mpya, na huko atailipia riba juu yake. Hapo mazungumzo yameisha, aendelee na deni lake la zamani. Ndiyo maana barua hii iombwe kabla ya kujaza fomu yoyote ya benki mpya, na iwe na muhuri. Neno la mdomo la ajenti wa zamani halitoshi, kwa sababu siye anayefunga hesabu.

Mkopo mpya kwa muda uleule

Upande wa pili wa mizani ni riba ya mkopo mpya, na hapa kuna sharti moja ambalo halina mjadala: linganisha kwa idadi ileile ya miezi. Kama zimebaki 15, mpya nao uhesabiwe kwa 15. Mwenye simu yenye Excel ya Kifaransa ataandika hivi:

```
=VPM(2%;15;-3525)
```

Jibu ni dola 274 na senti 33 kwa mwezi. Zidisha kwa 15 upate dola 4,115. Toa deni la 3,525, na riba ya mkopo mpya ni dola 590. Kutoka 904 hadi 590, akiba ni dola 314. Asiye na Excel amwombe ajenti mpya achapishe ratiba ya miezi 15. Akisita kuichapisha, umejifunza jambo.

Dola 314 ni magunia kadhaa ya mchele, si kitu cha kudharau. Lakini bado hatujalipa mlango wa kutokea wala wa kuingilia. Mkopeshaji wa zamani anatoza asilimia 3 ya deni lililobaki kama adhabu ya kumaliza mapema: dola 106. Benki mpya inataka asilimia 2 kwa ajili ya dosye: dola 70. Bima ya mkopo asilimia 1: dola 35. Karatasi za dhamana, mihuri na nakala, tuseme dola 60. Jumla dola 271. Ukizitoa kwenye 314, akiba halisi ni dola 43, kwa miezi 15 na safari zote za kwenda na kurudi benki.

Njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo: rejesho linashuka kwa dola 21 kwa mwezi, na ada ni dola 271. Itachukua karibu miezi 13 rejesho hilo dogo kurudisha ada, na mkopo wote una miezi 15. Faida yake ni ile miezi miwili ya mwisho. Akifunga mkopo mapema, kwa mfano mwezi wa kumi kwa sababu biashara imekwenda vizuri, atakuwa amepata hasara.

Uliza pia kama ada zimetajwa kabla ya TVA au baada yake. Kongo TVA ni asilimia 16, na juu ya ada ya dosye peke yake ni dola 11 nyingine. Kwenye akiba ya 43, hizo 11 zinaonekana.

Halafu benki hupenda kusema: "Usihangaike, ada tutaziingiza ndani ya mkopo." Yaani mama hatoi kitu mfukoni. Lakini dola 271 zikiingia ndani kwa asilimia 2 kwa miezi 15, zinageuka dola 316. Zile 45 za ziada zinameza akiba yote na kudai mbili juu. Amehama, amesaini karatasi nyingi, amehamisha dhamana ya kiwanja, na hajapata kitu.

Angalieni sasa tarehe. Kama ajenti huyo angemkuta baada ya marejesho matatu tu, deni lingekuwa dola 4,551 na riba iliyobaki dola 1,649. Mkopo mpya wa miezi 21 ungekuwa na riba ya dola 1,067, na akiba ni 582. Ada kwa kanuni zilezile ni dola 333, kwa hiyo zinabaki karibu dola 249 safi. Riba zilezile, ada zilezile, mkopo uleule. Kilichobadilika ni miezi sita. Kwa mkopo wa miaka miwili, ningesema kuhama kuna maana katika theluthi ya kwanza ya muda, na baada ya hapo riba mpya lazima iwe chini kwa zaidi ya pointi moja ili ada zilipike.

Ratiba ndefu

Ajenti hodari anapoona mama anakunja uso, anatoa pendekezo la pili. Badala ya miezi 15, tuandike 24. Rejesho linashuka kutoka dola 295 hadi 186. Dola 109 kila mwezi zinabaki kwenye depo! Hapa ndipo wengi hushikwa, kwa sababu tofauti hiyo inaonekana kwa macho kila mwisho wa mwezi.

Lakini riba ya miezi 24 kwa asilimia 2 ni dola 948, na iliyobaki kwenye mkopo wa zamani ilikuwa 904. Riba ya chini imezaa riba kubwa, kwa kuwa inatembea muda mrefu zaidi. Ongeza ada za 271, mama amelipa dola 315 zaidi ya ambavyo angelipa kwa kukaa palepale.

Simaanishi kwamba kurefusha ni kosa kila mara. Kisangani bidhaa nyingi hutoka Kinshasa kwa mto, karibu kilomita 1,700, na maji yakipungua baleniera inaweza kukaa kwenye mchanga wiki nyingi huku saruji na chumvi za watu zikiwa ndani. Mtu ambaye mtaji wake umelala juu ya maji na rejesho la 295 linakuja tarehe 5 anaweza kuwa na haki ya kununua nafasi ya kupumua. Ila ajue ananunua, na bei yake ni dola 315. Na kabla ya kuinunua kwa benki mpya, aende kwa mkopeshaji wake wa sasa aombe ratiba ipangwe upya. Mara nyingi huko hakuna adhabu ya kutoka wala karatasi mpya za dhamana.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Asilimia 2 ya nini? Ikiwa inahesabiwa juu ya deni linalobaki, tumekwisha kuona riba ni dola 590. Ikiwa inahesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa 3,525, kana kwamba hakuna kilicholipwa, riba kwa miezi 15 ni dola 1,057. Hiyo ni zaidi ya 904 hata kabla ya ada. Kwa miezi 15 mama angeshtuka, maana rejesho lingekuwa dola 305, juu ya lile la zamani. Lakini iandikwe kwa miezi 18 na rejesho linashuka hadi 266, kila mtu anatabasamu, na riba imefika dola 1,269. Swali la kuuliza ni moja: "Mwezi wa mwisho, riba ni dola ngapi?" Kwenye degresif ya kweli jibu ni dola chache sana. Jibu likiwa sawa na mwezi wa kwanza, ile mbili haikuwa mbili. Kwenye karatasi za Kifaransa tafuta herufi TEG. Ndiyo riba inayojumuisha ada, na ndiyo pekee inayofaa kulinganishwa kati ya ofisi mbili.

Dola zilezile 271

Kuna swali ambalo ajenti hataliuliza, na si kazi yake. Kama mama ana dola 271 za kulipia ada, kwa nini asizipeleke kwenye deni lake la sasa?

Akizilipa leo kama malipo ya ziada, deni linashuka kutoka 3,525 hadi 3,254. Akiendelea na rejesho lake la 295, hesabu inaonyesha kwamba rejesho la mwisho linafutika lote, na lile la kabla yake linapungua kwa dola 123. Ametoa 271, amefutiwa 418. Faida ni dola 147, na hata mkopeshaji akikata asilimia 3 juu ya hizo 271, ni dola 8 tu zinazoondoka. Kuhama kulimpa 43. Kukaa na kulipa ziada kunampa zaidi ya mara tatu.

Kwa hili lazima mkataba uruhusu malipo ya ziada, na mama aandikishe wazi kwamba pesa hizo zinapunguza deni, si kwamba ni rejesho la mwezi ujao lililowahi. Tofauti hiyo ni ya mstari mmoja kwenye hati ya kuweka pesa. Aombe ratiba mpya siku hiyohiyo. Kama deni kwenye ratiba mpya halijashuka kwa 271, hawakumwelewa.

Hesabu zote hizi ni za anayetoka ofisi moja rasmi kwenda nyingine. Mwenye deni la Banki Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wa asilimia 30 kwa mwezi na zaidi, hana haja ya kalkuleta. Kwa dola 500, riba ya mwezi mmoja ni 150, na deni lenyewe halijaguswa. Ada za benki yoyote hulipika kabla mwezi haujaisha. Tatizo lake ni kupata benki itakayompokea, na hilo ni somo jingine.

Sarafu na karatasi

Mikopo mingi ya benki hapa huandikwa kwa dola, lakini mchele na mafuta sokoni huuzwa kwa franki. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu na franki 2,000, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepita 2,600. Rejesho la dola 274 lilitoka franki 548,000 hadi zaidi ya 712,000 bila benki kugusa riba hata kidogo. Kwa hiyo anayehama kutoka deni la franki kwenda deni la dola asilinganishe riba hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Riba ya franki huwa juu kwa sababu mkopeshaji amebeba hatari ya sarafu. Ikishuka kwa kuwa umeingia kwenye dola, hatari hiyo imehamia kwako. Mwenye mauzo ya franki ajiulize kama angeweza kulipa rejesho jipya dola ikipanda kwa theluthi moja, maana mwaka 2023 ilipanda hivyo.

Uliza pia kuhusu akiba ya lazima. Ofisi mpya ikizuia asilimia 10 ya mkopo, dola 352 za mama zitalala miezi 15 bila kununua gunia hata moja. Zitarudi, kwa hiyo si ada, lakini mtaji wake umepungua. Kama mkopeshaji wa zamani naye anashikilia akiba yake, hakikisha barua ya kumaliza deni inasema itarudishwa lini, au imekwisha kutolewa kwenye kiasi cha kulipa.

Kwa waliotoa kiwanja kama dhamana, muda wa kuhama ni wa hatari kuliko hesabu yenyewe. Mwenye cheti cha usajili wa kiwanja, hati ambayo sheria ya ardhi ya 1973 inaitambua, anajua kwamba ipoteka huandikwa kwa mhifadhi wa hati za ardhi, na haifutiki kwa sababu tu deni limelipwa. Inafutika mkopeshaji wa zamani anapotoa barua ya kuachilia dhamana na barua hiyo kuandikishwa. Benki mpya ilipe deni moja kwa moja kwa ofisi ya zamani, pesa zisipitie mikononi mwa mama, na makubaliano yaseme nani anafuatilia barua hiyo na nani anailipia. Kuna watu wameacha kuifuatilia kwa mwaka mzima, wakashtuka siku walipotaka kuuza.

Mwisho, ile barua ya kumaliza deni ina tarehe, na tarehe hiyo ina gharama. Deni la dola 3,525 kwa asilimia 3 linazaa kama dola 3 na nusu kila siku. Benki mpya ikichelewesha uhamisho siku 10, ni dola 35, na akiba ya mama wetu ilikuwa 43. Omba barua itaje kiasi cha kuongeza kwa kila siku baada ya tarehe yake, na usisaini mkopo mpya kabla benki haijaandika siku itakayotuma pesa.